Makunyanzi ya bibi hayachorwi kwa mstari

Mwezi uliopita alikuja kwangu dada mmoja kuchorwa tatuu, na picha ya marehemu bibi yake kwenye simu. Bibi amekaa barazani, kajifunga kilemba cha kitenge, jua linampiga upande wa kushoto, anacheka mpaka macho yamebaki mawili membamba. "Kaka, namtaka hivihivi alivyo," akaniambia, akinionyesha mkono wake kwa ndani, chini ya kiwiko.

Picha alishaipitisha kwenye programu ya simu inayogeuza picha kuwa mistari, akadhani kazi yangu imebaki kuchoma tu. Nilipoitazama, bibi alikuwa amezeeka miaka ishirini. Programu ile inatafuta mahali mwanga unapokutana na giza, basi, inapiga mstari. Haijui kwamba kope ni kitu na kunyanzi ni kivuli tu. Vyote vilikuwa na uzito mmoja, mashavu yamejaa nyufa kama udongo wa kiangazi.

Mimi nashikilia kwamba stensili ya sura ya mtu, yaani mchoro wa kaboni unaobandikwa kwenye ngozi kabla ya wino, inachorwa kwa mkono, na kazi kubwa ndani yake ni kuacha. Mstari kwenye ngozi hautulii. Wino unakaa kwenye ngozi ya ndani, na kadiri miaka inavyokwenda unatanuka kidogo kidogo. Mistari miwili iliyoachana milimita moja leo, baada ya miaka kadhaa inaweza kuwa doa moja. Ndiyo maana nilimkatalia kimo cha sentimita 6 alichokitaka. Kichwa cha sentimita 6 kina jicho la upana wa milimita 8 hivi. Humo utatia kope ya juu, ya chini, mboni na mkunjo, na vyote vipumue? Tukakubaliana 10, jicho likafika kama sentimita 1.3.

Nikaiondolea picha rangi, nikaipunguza hadi ngazi tatu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Kwenye programu ya picha ya GIMP ni `Colors > Posterize`, namba 3. Ukikunja macho ukaitazama, unaona kilichoushika uso ule: giza la kilemba, kivuli kimoja kirefu kutoka shavu la kulia hadi shingoni, na kivuli chini ya mdomo. Hivyo ndivyo vilivyomfanya awe yeye, si makunyanzi.

Kisha nikaweka karatasi nyembamba juu ya picha na kuanza kuchora. Mstari mzima niliutumia kwa ukingo wa kweli tu: kope ya juu, mzunguko wa kilemba, taya upande wa kivuli. Taya upande wa jua niliiacha wazi kabisa, na jicho la mtazamaji linaimalizia lenyewe. Pua sikuichora pembeni, niliweka matundu na kivuli cha chini. Meno hayagawanywi moja moja, ukiyagawa bibi anakuwa kama amevaa wavu mdomoni. Nilichora ukingo wa juu na pembe mbili za kicheko. Makunyanzi yote nikayabakiza matatu kila upande wa jicho, na hayo niliyatia nukta badala ya mstari, kwa sababu kicheko chake kilikuwa pale.

Kivuli kilinichukua muda kuliko mistari. Dada ni mweusi wa kung'aa, na melanini iko juu ya wino, kwa hiyo kijivu hafifu kinachopendeza kwenye karatasi kitamezwa kikishapona. Nikaamua ngazi mbili tu: nyeusi kamili kwenye kilemba, na nukta zinazoanza kwa kubanana halafu zinaachana kwenye shavu. Nyeupe ni ngozi yake mwenyewe. Maua ya kitenge niliyapunguza hadi matatu makubwa, nikayaacha wazi ndani ya weusi ili kilemba kisiwe kofia ya chuma.

Kwenye stensili yenyewe kivuli hakijazwi. Mpaka wake unachorwa kwa vistari vilivyokatika, ujue hapo unafifisha, hupigi mstari. Ukijaza zambarau ya kaboni eneo zima, ukiwa kazini huwezi kujua ipi kaboni na upi wino.

Kabla ya kumgusa nilichapa mchoro kwa kimo chake halisi, nikaubandika ukutani, nikamwomba dada arudi nyuma kama mita mbili. Kama mtu hatambuliki kutoka hapo kwa mistari mitupu, kivuli hakitamwokoa. Dada alinyamaza, kisha akasema, "Hapa mdomoni, alikuwa anaupinda kidogo kulia."

Kwenye picha haikuonekana vizuri, lakini yeye ndiye aliyeishi naye. Nikafuta pembe ya kulia, nikaipandisha milimita mbili, nikambandikia. Tulisubiri dakika kumi na tano kaboni ikauke, nikaanzia chini ya shingo kwenda juu, ili kila ninapofuta wino nisiufute uso wa bibi kabla sijaufikia.