Sumu ya botulini haiui neva, wala haigusi msuli

Kila mwaka nikifika kwenye somo la makutano ya neva na msuli, huwauliza wanafunzi sumu ya botulini, ile sumu ya bakteria inayoleta ugonjwa wa botulizimu, inafanya nini. Majibu ni mawili yale yale: inaua neva, au inapooza msuli. Nimesoma pia maandishi ya watu wa afya yanayosema hivyo hivyo. Mimi naona kauli hizi mbili zina madhara, kwa sababu anayeziamini hawezi kueleza kwa nini kingasumu hutolewa kwa haraka namna ile, wala kwa nini mgonjwa hubaki kwenye mashine ya kupumulia kwa wiki nyingi kisha akapona.

Mwaka 1949 Burgen, Dickens na Zatman waliichunguza sumu hii kwenye kiwambo cha panya, yaani ule msuli wa kupumulia, kikiwa bado na neva yake. Baada ya sumu kufanya kazi, neva iliposhtuliwa kwa umeme msuli haukujikunja. Lakini msuli wenyewe uliposhtuliwa moja kwa moja ulijikunja, na ulipopewa asetilikolini uliitikia. Neva nayo ilikuwa ikisafirisha mawimbi yake vizuri. Kwa hiyo neva ilikuwa nzima na msuli mzima. Kilichokosekana ni asetilikolini kutoka kwenye ncha ya neva.

Basi tuingie ndani ya ncha hiyo. Asetilikolini haielei ovyo humo. Imefungwa katika vifuko vidogo sana, kila kimoja kikiwa na molekuli elfu kadhaa, na baadhi ya vifuko vimekwisha kutia nanga kwenye utando, tayari kumwaga. Vimeshikwa na protini tatu. Sinaptobrevini imechomoza kwenye kifuko, na sintaksini pamoja na SNAP-25 ziko kwenye utando wa neva. Protini hizi husokotana kama kamba, na kadiri zinavyosokotana ndivyo zinavyovuta kifuko kikaribie utando. Ila msokoto haufiki mwisho. Unangoja ishara.

Ishara yenyewe ni kalsiamu. Nje ya neva kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa takribani mara 10,000. Wimbi la umeme likifika kwenye ncha, milango ya kalsiamu hufunguka kwa muda mfupi sana, na kalsiamu humiminika ndani jirani kabisa na vifuko vilivyotia nanga. Hapo hunaswa na sinaptotagmini, protini ya kifuko ambayo kazi yake ni kuihisi kalsiamu. Sinaptotagmini iliyonasa kalsiamu huusukuma msokoto umalizike, utando wa kifuko na ule wa neva huungana, na asetilikolini humwagika. Tangu kalsiamu iingie mpaka hapo haijapita hata milisekunde moja.

Kuna jambo moja hapa ninalowasihi wanafunzi walishike kuliko majina yote ya protini. Umwagaji haupandi sambamba na kalsiamu. Dodge na Rahamimoff walionyesha mwaka 1967 kwamba, kalsiamu ikiwa kidogo, umwagaji hupanda karibu kwa kipeo cha nne. Ukizidisha kalsiamu mara mbili, umwagaji huongezeka karibu mara 16. Tutalihitaji jambo hili hivi punde.

Sasa sumu. Ina vipande viwili, kizito na chepesi. Kile kizito huishika ncha ya neva na kuingia nayo pale kifuko kilichomwaga kinapovutwa ndani ili kijazwe upya. Ndiyo kusema neva inayofanya kazi sana huinywa sumu haraka zaidi. Ndani ya kifuko kuna asidi, na asidi hiyo husaidia kipande chepesi kupenya hadi kwenye maji ya seli. Kipande chepesi ni kimeng'enya, tena ni mkasi. Sumu hii ina aina kadhaa, na mkasi wa aina A hukata SNAP-25, protini yenye asidi amino 206, na kuondoa 9 za mwisho tu. Aina B huiacha SNAP-25 na kukata sinaptobrevini, mahali pale pale panapokatwa na sumu ya pepopunda. Tofauti ya botulizimu na pepopunda inatokana na safari ya sumu, maana sumu ya pepopunda hupanda hadi uti wa mgongo na kunyamazisha neva zinazozuia misuli isikaze.

Nirudi kwa aina A. Asidi amino 9 kati ya 206 zimeondoka, kalsiamu inaingia kama kawaida, vifuko vimejaa, na bado mtu anashindwa kupumua. Kipande kilichokatwa kiko kwenye ule mwisho wa msokoto unaotakiwa kukamilika kalsiamu inapofika. Kwa hiyo kalsiamu ya kawaida haitoshi tena.

Tuseme ncha moja humwaga vifuko 40 kwa kila wimbi, na msuli unahitaji angalau 15 ili ujikunje. Sumu imeshusha idadi hadi 5, kwa hiyo uzi huo wa msuli umenyamaza. Sasa tuishtue neva mfululizo, mara 30 hadi 50 kwa sekunde. Kalsiamu ya wimbi la kwanza haijaondoka yote, la pili linaikuta, na inarundikana. Ikipanda kwa asilimia 40 tu, kipeo cha nne kinatupa 1.4 × 1.4 × 1.4 × 1.4, yaani karibu mara 3.8. Vifuko 5 vimekuwa 19, na uzi umejikunja. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini ndiyo inayoonekana kwenye kipimo cha umeme wa misuli: mwitikio wa kwanza ni mdogo, kisha hukua neva inaposhtuliwa kwa kasi. Kama ncha ingekuwa imekufa, kasi isingesaidia kitu. Hata hivyo ukuaji huo unaweza usionekane sumu ikiwa nyingi mno, na unaonekana pia kwa wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya milango ya kalsiamu. Kwa hiyo daktari hutazama na mgonjwa mwenyewe: kope zinashuka, anaona vitu viwili viwili, udhaifu unateremka kutoka usoni kwenda chini, huku akili ikiwa timamu na ngozi ikihisi mguso kama kawaida.

Kingasumu hunasa sumu iliyo bado kwenye damu. Mkasi ulioingia ndani ya neva haiufikii. Ndiyo maana naunga mkono bila kusita kwamba kingasumu itolewe kwa dalili tu, bila kungoja majibu ya maabara. Kila saa ya kungoja ni ncha nyingine zinazoinywa sumu, na kingasumu haitazirudisha.

Kilichokwisha kukatwa hukarabatiwa na neva yenyewe. Ikiwa haijui kumwaga, huchipua. Kwenye misuli ya panya imeonekana machipukizi yakitoka kwenye ncha iliyonyamaza, yakigusa msuli na kuanza kumwaga asetilikolini kwa niaba yake. Wakati huo mkasi unachakaa polepole na SNAP-25 mpya inatengenezwa. Baada ya miezi kadhaa ncha ya awali huanza tena kumwaga yenyewe, na machipukizi hurudi nyuma na kunyauka.