Mzimu na kughosti

"Mzimu kazi yake ni kumtokea mtu, sasa mbona mnasema amenighosti kwa mtu aliyepotea? Hilo neno halina mantiki."

Ndugu yangu mantiki ipo ila imebeba kipande kimoja tu cha mzimu. Gosti kwa Kiingereza ni mzimu, na mzimu una mambo mawili, unatokea na unayeyuka bila kuaga, sasa vijana wa mtandaoni wameshika hilo la kuyeyuka wakaliacha la kutokea, ndo maana leo anayeghosti ni mtu mzima wa afya kabisa na anaposti statasi kila siku. Kamusi ya Merriam-Webster iliingiza maana hiyo 2017. Sisi mbona tunasema fulani kaingia mitini, na hakuna mti hata mmoja, nani analalamika?

Ila hayo mawili sio sawa. Aliyeingia mitini anamkimbia yeyote, hata mwenye deni lake, lakini tunasema kaNIghosti, hiyo "ni" ina kazi, inadai mlikuwa na mazoea halafu akakata kwa makusudi bila neno.

Mi mwenyewe nilimlaumu rafiki yangu yuko Ukara, siku nne kimya meseji tiki moja tu, kumbe simu ilidondoka ziwani akishuka kwenye mtumbwi. Hapo hakunighosti kabisa, makusudi hayakuwepo. Angekuwa anasoma, tiki za bluu zinawaka wiki nzima na hajibu, hapo sawa.