Nipe Namba Niifanyie Hesabu

Juzi saa saba usiku nilikuwa kitandani, simu mkononi, nikitoa hesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Mke wangu akageuka akaniuliza kama ni ile hela ya kikoba. Nikamwambia hapana, ni fisi.

Katika riwaya niliyokuwa nikisoma, kijana mmoja alikuwa amekwama kwenye bonde, na fisi watatu wakubwa kama ndama wamemzunguka. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa ameshamuua mmoja wa aina hiyo, akapata pointi 40 za uzoefu, akaendelea na safari yake. Sasa jioni imeingia, amechoka, na sura inafunguka kwa skrini ambayo yeye peke yake anaiona hewani. Nimeigeuza Kiswahili:

```
Leveli: 7
Uzoefu: 725 / 800
Mana: 60 / 140
Ujuzi: Mpira wa Moto (hutumia mana 25)
```

Mana ndiyo nguvu ya uchawi, kama chaji ya simu. Mpira mmoja wa moto unatosha fisi mmoja. Sitini toa 25, toa tena 25, inabaki 10. Kwa hiyo fisi wawili watakufa na wa tatu atakula. Kijana mwenyewe alikuwa bado anatafuta mwamba wa kuegemea, lakini mimi nilishajua kwamba hesabu haitoshi, na usingizi ukapaa.

Riwaya za namna hii zinaitwa LitRPG, jina lililoanzia kwa waandishi na wachapishaji wa Urusi. Ndani yake wahusika wana leveli, pointi na ujuzi kama wachezaji wa gemu, nao wenyewe wanaziona namba hizo. Asili yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo shujaa alielezwa kwa namba sita: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Kila namba ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo haikushuka chini ya 3 wala kupita 18. Gemu za kompyuta zikairithi tabia hiyo, kisha riwaya zikairithi kutoka kwenye gemu. Hata Royal Road, tovuti kubwa ambako wengi wetu tunazisoma hadithi hizi bure, jina lake limetoka kwenye gemu la kubuni lililomo ndani ya riwaya ya Kikorea iliyoanza kutoka mwaka 2007. Tovuti yenyewe ilianza kama kijiwe cha kuitafsiri riwaya hiyo.

Shemeji yangu ni mwalimu wa fasihi, na hataki hata kuzisikia. Siku moja nilimwonyesha ukurasa, akausoma akiwa amesimama, akanirudishia simu. "Shemeji," akasema, "hii si riwaya, hili ni daftari la stoo." Hoja yake ni kwamba mwandishi mzuri hukufanya uone mtu amekuwa hodari, akikuandikia Nguvu 14, amekwepa kazi yake. Kuna kurasa nyingi zinazompa haki. Hata hivyo nadhani anaitazama namba kama maelezo, wakati kwa msomaji wake namba ni kitu cha kutumia.

Fikiria watazamaji wa bao. Anayecheza ameinamia ubao, lakini waliosimama nyuma yake wameshazisambaza kete kichwani, wameshajua zitaishia shimo gani na nani ataliwa. Wanaweza kwa sababu kete zote ziko wazi, 64 tu, na hakuna mwenye kuchomoa ya 65 mfukoni. Utamu wa kutazama uko kwenye kujua kabla ya mchezaji, na kuumia anapopitwa na njia uliyoiona. Riwaya ya kawaida ikiniambia kwamba kijana amechoka, sina la kufanya na uchovu huo. Unaweza kumwangusha sasa, au akapata nguvu za ghafla kwa kumkumbuka mama yake, mwandishi akipenda. Ikiniambia mana 60 na bei ni 25, mwandishi amejifunga kamba mbele yangu. Akimrushisha mpira wa tatu bila maelezo, nitamkamata.

Kufungwa huko ndiko kunakoeleza, kwa maoni yangu, kwa nini Solo Leveling ilipendwa kiasi kile. Ilianza kama riwaya ya mtandaoni Korea mwaka 2016, ikawa katuni ya kusoma kwenye simu, na tangu Januari 2024 ni katuni ya televisheni ambayo vijana wa huku nao wanaijua. Wengi husifu mapigano. Mimi kilichonishika ni yale mazoezi ya kila siku. Jinwoo, mhusika mkuu, ni mwindaji wa daraja la E, la chini kabisa, katika ulimwengu ambao daraja lako likishapangwa kwa kawaida halibadiliki maisha yako yote. Baada ya kuponea chupuchupu kufa, inamtokea skrini inayomdai pushapu 100, kuinuka tumbo mara 100, kuchuchumaa mara 100 na kukimbia kilomita 10. Akimaliza analipwa pointi za kuongeza uwezo wake. Asipomaliza anatupwa jangwani kwenye tandu wakubwa wanaomwinda.

Ni sharti la kikatili, ila tazama lilivyo wazi. Pushapu ya 99 haitoshi, na ya 100 haipuuzwi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi miaka mitatu kwa ahadi kwamba "tutakuangalia" anaijua njaa ya mkataba wa namna hiyo. Mimi nimekaa ofisi moja nikingoja kupandishwa cheo, na kila nilipouliza kimepungua nini niliambiwa niongeze bidii. Bidii kiasi gani? Hakuna aliyesema. Nilipoona mtu anafanya zoezi na malipo yanaandikwa hapohapo hewani, sikuhitaji kuelezwa kwa nini najisikia vizuri.

Kuna na jambo la pili, ambalo ni ujanja zaidi kuliko haki. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walieleza jaribio walilolifanya kwenye sehemu ya kuoshea magari Marekani. Waligawa kadi 300 za kugongewa muhuri kila unapoosha gari. Nusu ya kadi zilitaka mihuri 8 ili upate kuoshewa bure. Nusu nyingine zilitaka 10, ila zilitolewa zikiwa na mihuri 2 tayari. Kwa wote zilibaki safari nane zilezile. Waliopewa kadi tupu walimaliza asilimia 19, na waliopewa kadi iliyoanzwa walimaliza asilimia 34. Mtu anayejiona yuko njiani hukazana kufika.

Sasa irudie ile skrini: Uzoefu 725 kati ya 800. Hiyo ni kadi ya kuoshea gari: zikijaa 800, anapanda leveli. Mwandishi wa hadithi za mtandaoni anatoa sura moja leo na nyingine kesho, na katika sura ya maneno elfu mbili mara nyingi hakuna nafasi ya kumaliza kisa. Lakini pana nafasi ya kuisogeza namba, ili msomaji aondoke akiwa amepata kitu na akijua kimebaki kiasi gani. Waandishi wetu wa simulizi za Facebook hutumia njia nyingine. Wanamwacha dada mlangoni, bastola imeshikwa, ITAENDELEA, na sehemu ya 35 ni ya kulipia kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo nayo inashika, lakini inakuacha na kiu tupu, wakati ile ya namba inakuacha umekula nusu sahani.

Na hapohapo ndipo mambo huharibika. Namba ikishakuwa chambo cha kila siku lazima ipande kila siku, na kupanda kuna mwisho wake kwenye ubongo wa msomaji. Nguvu ikitoka 10 kwenda 12 mtu ameongezeka sehemu moja ya tano, na unahisi kabisa kwamba jiwe alilokuwa akilisukuma jana leo atalibeba. Ikitoka 4,000 kwenda 4,002 hakuna kilichotokea. Kwa hiyo mwandishi anaanza kuongeza 300, kisha 5,000, na kufikia sura ya 400 adui ana uhai milioni mbili, nawe huna tena cha kulinganisha. Pigo la 80,000 ni kubwa au dogo? Inabidi usubiri mhusika ashtuke ndipo nawe ushtuke. Tumerudi kwenye uchovu usiopimika, na safari hii shemeji yuko sahihi.

Nina kipimo changu. Nikifika kwenye skrini nairuka kwa makusudi, nasoma kurasa tatu za mbele. Nisipopotea popote, skrini zile ni mapambo. Wanaosikiliza riwaya hizi kwa sauti hawahitaji hata kipimo: msomaji wa sauti akianza kuisoma orodha ya ujuzi 42 kwa mara ya tisa, kila mtu anaishia kuisogeza mbele. Riwaya niliyoitupa mwezi uliopita ilikuwa na ujuzi wa kupika uliopanda hadi leveli 19, na katika sura zote nilizosoma hakuna aliyekula chakula kikamsaidia au kikamdhuru.

Kosa jingine ninalolichukia zaidi ni leveli ya kuokolea. Katika nyingi za riwaya hizi mtu akipanda leveli majeraha yanafunga na mana inajaa. Basi shujaa anavuja damu, amebakiwa na pumzi moja, na ghafla kengele inalia, leveli mpya, mzima kabisa. Huo ni ule ukumbusho wa mama uliovalishwa namba.

Ndicho kilichomtokea kijana wa bondeni. Alirusha mpira wa kwanza, akarusha wa pili, fisi wa tatu akaruka, na hewani ikaandikwa Leveli 8, Mana 150 kwa 150. Nilikasirika, nikaweka simu chini. Karibu nimwamshe mke wangu nimwambie nimeibiwa.

Kisha nikaichukua tena nikapanda juu hadi kwenye ile skrini. 725. Fisi wa asubuhi alitoa 40. Wawili ni 80, na pengo lilikuwa 75. Mwandishi alikuwa ameyaweka yote mezani tangu mwanzo wa sura, na kijana, niliyemwona mzito, hakuwa akitafuta mwamba wa kukimbilia: alitafuta mahali ambapo wangeweza kumjia wawili tu kwa mara moja. Mimi nilikuwa nimehesabu mana peke yake.

Ilikuwa saa nane kasoro. Nikafungua sura inayofuata, na safari hii nikaanza na mstari wa uzoefu.