Nilimwambia "Lala Salama" Saa Mbili Asubuhi

Niliingia Kigali usiku kwa basi kutoka Mwanza, kupitia Rusumo. Mwenyeji wangu akanionya, "Kesho usiende soko la Kimironko na mdomo mtupu." Akanipa maneno mawili ya kuanzia: asubuhi unasema mwaramutse, mkiagana usiku unasema muramuke. Niliyarudia kitandani mpaka usingizi ukanichukua. Nadhani ndipo yalipobadilishana nafasi.

Saa mbili asubuhi nikasimama mbele ya mama wa nyanya, nimeinama kwa adabu zote. "Muramuke, mama!"

Mama akatazama jua. Akamtazama mwenzake wa vitunguu. Kicheko kikaanzia hapo, kikapita kwenye viazi, kikaishia huko kwenye maparachichi. Kijana mmoja mbeba mizigo, mwenye Kiswahili chake kizuri tu, akanionea huruma: "Kaka, umemwambia alale salama."

Akanieleza kwamba yote mawili yanatoka kwenye kuramuka, yaani kuupitisha usiku hadi kukuche. Mwaramutse unamjulia mtu hali, kama kumemkuchia salama. Muramuke unamwombea kukuche salama. Na mama wa watu ndiyo kwanza alikuwa anapanga nyanya.

Kijana akaitwa kubeba gunia, nikabaki yatima.

"Amakuru?" mama akauliza. Nikatoa macho. Akanisaidia taratibu, kama mwalimu wa chekechea: "Ni meza."

Nikaitazama meza. Kweli, ilikuwa meza, tena ya mbao ngumu. Nikaigonga kumwonyesha kwamba nimeikubali. Nyanya tatu zikadondoka. (Amakuru ni habari, na ni meza ndilo jibu: ni nzuri. Hilo nililijua baadaye, wakati huo niko chini ya meza natafuta nyanya.)

Tukafika kwenye bei. Akaniandikia kwenye simu: faranga 1,000 kwa fungu. Nilitaka kumwomba aniongezee moja juu, nikaanza kama tunavyoanza mtaani kwetu: "Oya, mama..."

Akafuta. Akaandika 800.

Nikashangaa. "Oyaa!"

Akaguna, akaandika 700, akaisukuma simu usoni kwangu kama mtu aliyefika mwisho. Nikalipa haraka, nikaondoka nikijiona nina nyota.

Jioni mwenyeji wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe oya kwa Kinyarwanda ni hapana. Nilikuwa nimebishana bei kwa ukali, mara mbili, bila habari. "Ukikubali jambo," akasema, "sema yego."

Kesho yake nikarudi nimeiva. "Mwaramutse, mama!" Akapiga makofi. "Amakuru?" "Ni meza!" Hata wa vitunguu akanishangilia. Mama akaniandikia bei kwenye simu, akanitazama kwa upendo wa mzazi. Nami, kwa furaha ya kujua lugha, nikajibu kwa sauti:

"Yego!"

Faranga 1,000.