Nikiona "mengineyo" kwenye upatanisho wa kodi, naanzia hapo

Juzi Mafinga, kwenye ofisi ya kampuni moja ya mbao, nilikuwa napitia rasimu ya hesabu za mwaka. Faida kabla ya kodi ilikuwa shilingi milioni 600. Kiwango cha kisheria ni asilimia 30, kwa hiyo ungetarajia kodi ya milioni 180. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi kodi ilikuwa milioni 210, yaani asilimia 35. IAS 12, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kodi ya mapato, kinamtaka mhasibu aeleze hiyo milioni 30 imetoka wapi, na maelezo hayo ndiyo upatanisho wa kodi.

Kijana wa hesabu alianza na 180. Akaongeza 3 kwa faini za mzani, 15 kwa vipuri na mafundi waliolipwa bila risiti ya EFD, 24 kwa uchakavu, na 12 za makadirio ya mwaka juzi yaliyopungua. Ikawa 234. Chini kabisa akaandika: "Mengineyo (24)."

"Hii ni nini, mdogo wangu?"

"Dada, hiyo ya kufungia hesabu tu."

Namba mbili zinazofanana, moja ya kuongeza na nyingine ya kutoa, hazikutani kwa bahati. Vitabu vilikata uchakavu wa milioni 200, lakini sheria ya kodi iliruhusu 120 tu. Hiyo 80 inayobaki inapandisha kodi ya mwaka huu kwa milioni 24, ila itakatwa miaka ijayo, kwa hiyo kodi iliyoahirishwa, yaani ya miaka ijayo inayohesabiwa sasa, inashuka kwa milioni 24 hizo hizo. Kodi ya jumla, ya mwaka huu pamoja na iliyoahirishwa, haiguswi, na uchakavu hauna kazi kwenye upatanisho. Kijana alikuwa amepatanisha kodi ya mwaka huu peke yake, ambayo kweli ni 234, kisha akalazimisha ifike 210.

Na kama uchakavu ungebaki pale bila "mengineyo", ningejua kodi iliyoahirishwa haijaingizwa kabisa. Hilo ni kosa kubwa zaidi.

Tukafuta mistari miwili. Zikabaki 3, 15 na 12, jumla 30. Za faini na risiti ni asilimia 30 ya matumizi yenyewe, milioni 10 na milioni 50, kwa sababu hayo hayatakatwa mwaka huu wala mwakani. Ile 12 haizidishwi kwa chochote, maana tayari ni kodi. Nimeona wengi wakiizidisha.

Mimi siuoni upatanisho huu kama zoezi la kumridhisha mkaguzi. Mwenye kampuni, mzee aliyeanza na msumeno mmoja, alikuwa akilalamikia mzani mwaka mzima. Alipousoma ukurasa ule akaweka kidole kwenye 15.

"Hivi hizi risiti zimenila kuliko mzani?"

Kwa upande wa kodi, mara tano. Akamwita mtunza stoo.