Makato ya kutolea: yawe ya duka au ya mteja?

"Nina duka la vyakula Majengo, Moshi. Mteja akilipa kwa simu, makato ya kutolea nibebe mimi au nimwambie atume na ya kutolea?"

Beba wewe, lakini si kwa kila mauzo, na si kwa namna unavyopokea hela sasa. Wauzaji wengi wanaosema "siwezi kubeba" wamepiga hesabu vibaya, ila na wanaosema "beba tu, mteja ni mfalme" hawajapiga hesabu kabisa.

Tuanze na anayekataa kubeba, kwa sababu ana hoja nzito. Faida ya duka la rejareja ni ndogo, na kwenye sukari, unga na mafuta ya kula ni ndogo zaidi. Mteja akinunua vitu vya 12,000, huenda faida haifiki 1,000. Kutoa hiyo 12,000 kwa wakala, tuseme makato ni 1,500 (viwango vya mtandao wako viko kwenye bango la wakala, soma hivyo badala ya kushika hivi vyangu). Ukitazama mauzo hayo peke yake, umeuza kwa hasara, na kwa hesabu hiyo kumwambia mteja aongeze 1,500 ni kujilinda tu.

Tatizo ni kwamba hakuna mwenye duka anayekwenda kwa wakala kila mteja mmoja anapolipa. Makato ya kutoa hayaendi kwa asilimia, yanakwenda kwa ngazi, na kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa ndivyo makato yanavyopungua ukilinganisha na hela yenyewe. Chukua siku moja ya duka la namna hiyo. Wateja 25 wamelipa kwa simu, jumla 300,000. Ukimtoza kila mmoja 1,500 ya kutolea, umekusanya 37,500. Jioni ukitoa yote kwa mara moja, tuseme makato ni 6,500. Ile 31,000 iliyobaki si makato tena, umepandisha bei kimyakimya, na mteja anayejua viwango analiona hilo haraka. Moshi mjini maduka yamebanana, na wa pili yuko hatua chache tu.

Tena si lazima utoe yote. Kama duka la jumla unalochukulia mzigo Mbuyuni linapokea kwa simu, lipa 200,000 ya mzigo moja kwa moja kutoka kwenye salio, utoe 100,000 tu kwa matumizi ya keshi. Tuseme hapo makato ni 3,500. Kama faida ya yale mauzo ya 300,000 ni 24,000, makato yamekula kama sehemu moja ya saba. Inauma, lakini duka linaweza kuibeba. Angalia pia kuwa ukitoa kidogo kidogo, mara 20,000 ya nauli, mara 30,000 ya kibarua, kila safari inakatwa ngazi yake na faida inaisha bila wewe kujua imekwenda wapi. Wengi wanaolalamikia makato wanaumizwa na tabia hiyo ya kutoa vipande vipande kuliko na uamuzi wa kubeba wenyewe.

Ndiyo maana kabla ya kuamua, badilisha namna ya kupokea. Hela ikiingia kwenye laini yako ya kawaida, mteja anakatwa ya kutuma, halafu wewe unamdai na ya kutolea. Amekatwa mara mbili kwa kilo mbili za mchele. Ukiwa na Lipa Namba, mteja hafanyi muamala wa kumtumia mtu, anafanya malipo ya bidhaa, na makato yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya kutuma. Kwako, hela ya biashara inakaa mbali na ya nyumbani, na jioni unaona jumla moja bila kuchambua meseji za shemeji na za kikoba. Ila kila mtandao una viwango vyake vya kuitoa hela ya Lipa Namba au kuihamishia benki, kwa hiyo uliza hivyo kabla hujabandika karatasi ukutani.

Kuna sababu nyingine ya kutomrudishia mteja mzigo huu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka huohuo serikali iliipunguza kwa asilimia 30. Mtu aliyepitia kipindi kile anasikia neno "makato" kabla hajasikia bei. Ukimwambia sukari ni 3,000 halafu "na ya kutolea", analiona duka lako ghali hata kama bei yako iko chini kuliko ya jirani.

Sasa upande ambao kubeba hakufai. Kwanza ni bidhaa ya faida finyu inayouzwa kwa kiasi kikubwa. Mteja wa Kibosho anaagiza mfuko wa sukari wa kilo 25 umfuate kwa bodaboda, analipa 75,000, na faida yako ni 2,000. Hapo hata makato ya wastani wa siku yanakaribia nusu ya faida, na ukilazimika kuitoa hiyo 75,000 peke yake, umemtumikia bure. Mtajie bei ya simu tangu mwanzo, ikiwa na makato ndani yake, kabla mzigo haujafungwa kwenye pikipiki. Bei moja iliyotajwa mapema haileti ugomvi. Kinacholeta ugomvi ni nyongeza inayokuja mwishoni.

Pili ni duka ambalo haliwezi kukwepa keshi. Kama unanunua ndizi, maharage au mboga kwa wakulima wanaoshuka asubuhi na mzigo, wengi wao wanataka hela mkononi, hivyo ile njia ya kulipa mzigo kwa simu haikusaidii. Karibu kila shilingi itapita kwa wakala. Kwa duka hilo naona ni halali kuweka kiwango cha chini cha kulipa kwa simu, au kuongeza kidogo kwenye bei ya bidhaa zenye nafasi. Hiyo ya pili ina kasoro: anayelipa keshi anamlipia anayelipa kwa simu. Siipendi, na ningeitumia kwa bidhaa chache tu.

Tatu ni yule anayenunua sabuni ya 2,000, anatuma 20,000 na kuomba "chenji" ya 18,000. Huyo hajanunua tu, ametolea hela dukani kwako. Amekufanya wakala bila kamisheni, na kesho wewe ndiye utakayekatwa ukiitoa hiyo hela. Hapa ya kutolea ni yake, mwambie kwa upole na bila aibu. Ukiwa na keshi nyingi kwenye droo na unalipia mzigo kwa simu, unaweza kumsaidia, maana umepunguza keshi uliyotakiwa kuiweka kwenye salio. Droo ikiwa tupu, mwelekeze kwa wakala.

Ili ujue duka lako liko kundi gani, weka mistari mitatu kwenye daftari kila jioni kwa mwezi mmoja: hela iliyoingia kwa simu, kiasi ulichotoa, makato yaliyoandikwa kwenye meseji. Mwisho wa mwezi gawa jumla ya makato kwa jumla ya hela iliyoingia kwa simu. Ukipata shilingi moja au moja na nusu kwa kila mia, beba na andika ukutani "Lipa kwa simu, bei ni ileile". Ukipata tatu au nne, usikimbilie kwa mteja kwanza. Hesabu ni mara ngapi ulikwenda kwa wakala.