Msikitupe kijenzi kwa sababu ya 0.99

Juzi nilikuwa nyuma ya chumba, kijana mmoja akiwasilisha PCA, yaani uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ya USArrests, ile data ya majimbo 50 ya Marekani ya mwaka 1973 inayokuja na programu ya takwimu ya R, yenye vigeu vinne: mauaji, mashambulizi, ubakaji na wakazi wa mijini. Alikuwa na vijenzi viwili na mchoro unaosomeka vizuri. Mkubwa mmoja akamkatiza: "Thamani eigeni ya pili ni 0.99. Iko chini ya 1, itoe." Kijana akaitoa. Hakuna aliyeuliza kijenzi hicho kilikuwa kinasema nini. Mimi pia nilinyamaza, na inaniuma.

Fungueni R muione wenyewe:

```r
p <- prcomp(USArrests, scale. = TRUE)
p$sdev^2
p$rotation
```

Thamani nne zitatoka: 2.48, 0.99, 0.36 na 0.17. Jumla yake ni 4, na hapo ndipo ile 1 inapopata maana yake. PCA hutafuta mwelekeo ambao data imetawanyika zaidi. Mwelekeo huo ndio vekta eigeni, na varianzi iliyolala juu yake ndiyo thamani eigeni. Kisha hutafuta mwelekeo mwingine ulio kwenye pembe mraba na wa kwanza, na kuendelea hivyo mpaka varianzi yote iishe. Vigeu vikishasawazishwa, kila kimoja huja na varianzi ya 1, kwa hiyo vinne vinaleta 4. Kijenzi chenye 0.99 kimebeba karibu kabisa mzigo wa kigeu kimoja.

(Kusawazisha msikuruke. `prcomp` haisawazishi mpaka uiambie, na kwenye data mbichi varianzi ya mashambulizi ni karibu 6945 huku ya mauaji ikiwa kama 19. Kijenzi cha kwanza kitajitwalia karibu asilimia 97, lakini hicho ni safu ya mashambulizi tu iliyopewa jina jipya.)

Kanuni ya Kaiser, ile aliyoitumia mkubwa yule, inasema kijenzi kisichofikia 1 hakijabeba hata kigeu kimoja, basi kiachwe. Hoja yake naielewa. Ila haya ni majimbo 50 tu. Ukibadilisha majimbo machache, 0.99 inaweza kuwa 1.03. Zaidi ya hapo, nambari za kubahatisha zisizo na uhusiano wowote nazo hutoa thamani za kwanza zilizo juu ya 1, kwa sababu sampuli haikosi uhusiano mdogo wa bahati. Kwa hiyo 1 si mpaka wa kuaminika, si kwa kubakiza wala kwa kutupa.

Kilichotakiwa ni kusoma vekta. Katika ya kwanza, mauaji, mashambulizi na ubakaji vina uzito wa 0.54, 0.58 na 0.54, na wakazi wa mijini 0.28, vyote kwa alama moja. Alama hiyo ikiwa hasi msishtuke: vekta ikigeuzwa inabaki vekta ileile. Huo ni mwelekeo wa uhalifu kwa jumla. Katika ya pili, wakazi wa mijini wana 0.87, mauaji yana 0.42 kwa alama ya kinyume, na vingine viko chini ya 0.2. Yaani kijenzi kilichotupwa ndicho kinachotenganisha majimbo ya miji na yale yasiyo ya miji. Wakazi wa mijini wana uhusiano wa 0.07 tu na mauaji. Ni kigeu kisichofungamana sana na vingine, na ndiyo maana thamani ya kijenzi hicho inakaribia 1.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kama swali ni "vigeu hivi vinashiriki nini?", kijenzi kimoja kinatosha. Lakini kijana alikuwa anachora ramani ya majimbo. Vijenzi viwili vinabeba asilimia 87 ya varianzi. Kimoja kinabeba 62, na mhimili wa miji unatoweka.

Grafu ya skrii, inayochora thamani eigeni kutoka kubwa hadi ndogo, nayo haikuangaliwa. Mwanasaikolojia Raymond Cattell, mwaka 1966, aliipa jina la kifusi cha mawe kinachorundikana chini ya jabali: tafuta mahali mteremko mkali unapoishia, ubakize vilivyo juu ya kifusi. Hapa mstari unashuka kwa 1.49, halafu 0.63, halafu 0.18. Kifusi kinaanzia kwenye cha tatu, na cha pili bado kiko kwenye mteremko. Mwingine ataona kiwiko kwenye cha pili, na siwezi kumbishia sana, maana kwa nukta nne kifusi chenyewe ni mawe mawili. Hapo grafu imeshatoa ilichonacho, na mnarudi kwenye `p$rotation`, mahali ambapo mkubwa yule hakutaka tufike.